Nimekuta simu ya zamani kwenye gunia la chakavu, picha bado zimo. Nisaidieni kabla baba hajaiweka kwenye mizani

BintiMizani

Habari za jioni wakuu. Mimi niko Mbeya, baba yangu ananunua chuma chakavu, na kazi yangu nikiwa nyumbani ni kuchambua. Sumaku ninayo mkononi, imefungwa kamba. Kinachonata kinaenda rundo la chuma, kisichonata nakikwaruza kwa tupa nione rangi ya ndani: nyekundu ni shaba, njano ni ile shaba ya mabomba, nyeupe ni sufuria. Vitu vya umeme vina gunia lake, yaani bodi za redio, deki, rimoti na simu zilizokufa. Hayo huwa tunayakusanya mpaka apite mtu wa kuyapeleka Dar.

Sasa leo kwenye gunia la umeme nimekuta kopo la mafuta ya kupikia limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani kuna Nokia E63 nyekundu, ile ya vitufe vingi kama kompyuta, imezungushiwa kitambaa cha kanga. Mtu hafungi takataka kwenye kanga. Mfuniko wa nyuma umeinuka kidogo upande mmoja. Pembeni nimekuta memori kadi ya 2 GB bado imo, na laini imeandikwa Zain.

Niliichomeka kadi kwenye kompyuta ya rafiki yangu, ikaonyesha picha mbili tatu ndogo, halafu ikaganda. Nilipoitoa na kuirudisha ikaleta maneno haya: "You need to format the disk". Nikachomoa.

Picha nilizowahi kuziona ni za watu wanajenga nyumba. Mwanaume mwenye kofia ya njano, mwanamke na ndoo kichwani, na mtoto amekaa juu ya tofali. Baba anasema kilichopita kwenye mizani ni chake, na simu ya mtu asiyemjua italeta polisi, bora ivunjwe leo. Nifanyeje?

KichwaNgumu88

Rahisi sana hiyo dada. Kadi weka kwenye simu yako ya kisasa, itasoma. Simu yenyewe ichaji kwa waya wa USB, hapo pembeni kuna tundu. Ikigoma iweke kwenye mchele usiku kucha.

Mchuuzi_Tunduma

Shaba nyekundu Mbeya mnanunua kilo shilingi ngapi sasa hivi?

Fundi_Kabwe

Dada BintiMizani, tulia kwanza. Ulipochomoa bila kubonyeza chochote ulifanya vema. Kompyuta ikikuomba kufomati maana yake haijaelewa ramani ya kadi, haina maana kwamba picha zimefutika. Ukikubali, inaandika ramani mpya tupu na kazi inakuwa ngumu bila sababu.

KichwaNgumu yuko sawa nusu. Kadi ile inasomeka kwenye simu yoyote yenye tundu la kadi kama ni nzima. Hii si nzima, na simu za Androidi zikikutana na kadi mbovu nazo zinaleta ombi lilelile la kufomati, tena kwa kitufe kikubwa ambacho kidole kinakigusa chenyewe. Na tundu la USB kwenye E63 ni la kupitisha mafaili tu, halichaji. Chaji inaingia kwenye kile kitundu kidogo cha pini nyembamba. Mchele uache jikoni, hapa hakuna maji.

Kinachonitisha zaidi ni huo mfuniko ulioinuka. Betri ya E63 ni BP-4L. Itoe taratibu kwa kucha, usitumie bisibisi, uilaze mezani uizungushe kwa kidole. Nzima inakwaruza meza na kusimama. Ikizunguka kama pia, imevimba tumboni. Iliyovimba haichajiwi tena, na hasa haitobolewi. Mwambie mzee asiipige nyundo. Ikitobolewa inaweza kuwaka, na kwenye rundo lenye vitambaa na mafuta ya gia moto huo hamtauzima kwa ndoo.

BintiMizani

Inazunguka kama pia kweli. Nimeitenga nje kwenye ndoo yenye mchanga. Baba alinicheka, lakini nilipomtajia neno moto akanyamaza. Mwaka juzi gunia la umeme lilifuka moshi na hatukujua sababu.

Amenipa muda mpaka gari la Dar lifike.

MamaWawili

Uzi huu umeniumiza moyo. Simu yangu ilikuwa na picha za mwisho za marehemu mama, nikampelekea fundi anitengenezee kioo. Akairudisha inang'aa, imefutwa kila kitu, ananiambia "nimekuflashia mama, sasa ina kasi". Nililia mbele za watu. Mdogo wangu, huyo utakayempelekea mwambie kwanza unachotaka ni picha, simu baadaye.

Fundi_Kabwe

MamaWawili pole sana. Fundi wengi wanaona simu kama mashine ya kuwaka tu. Ikiwaka, kazi imekwisha.

BintiMizani, fanya hivi. Mguso wa kadi, zile njia za dhahabu, usugue polepole kwa ufutio wa penseli, halafu ufute kwa pamba yenye spiriti kidogo na uache ikauke. Kadi iliyolala na unyevu inapata ukungu pale na ndipo inapokatakata kusoma. Baada ya hapo usiichomekechomeke kujaribu. Kadi inayokufa ina nafasi chache za kusomwa, usizimalize kwa kuangalia picha moja moja. Tunanakili kadi nzima kwenye faili moja, kisha tunatafuta picha ndani ya nakala. Kama rafiki yako ana Linux:

```
lsblk
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdX kadi.img kadi.map
photorec kadi.img
```

Ile `sdX` iwe herufi ya kadi yako. `lsblk` itakuonyesha, tafuta yenye ukubwa wa karibu 2 GB. Ukikosea ukaweka ya diski ya kompyuta utapoteza muda kunakili kisichohusika. Mstari wa pili unasoma sehemu nzima kwanza, halafu unarudi kwenye zenye shida mara tatu. Ukishapata `kadi.img`, kadi itoe uifunge kwenye karatasi.

KichwaNgumu88

Mambo mengi hivyo kwa picha za watu asiowajua 😂 Zitupie hapa jukwaani zile ulizoziona, wenyewe watajitokeza ndani ya saa moja.

Dada_Wakili

Asizitupie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, yule mtoto kwenye tofali sasa ni mtu mzima ambaye hajaulizwa. Hujui pia nyumba hiyo ina mgogoro gani. Atafute mwenyewe kwa njia nyingine.

Na kwa faida ya mzee: aandike alinunua kwa nani na lini. Mtu akija kudai simu ya wizi, daftari ndilo litakalomsemea.

BintiMizani

Baba daftari analo. Tangu wenzake walipokamatwa na nyaya za umeme anaandika kila anayeleta mzigo, jina, simu na alicholeta. Vyuma vya reli na nyaya za TANESCO hagusi hata ulete bure.

Kunakili kulichukua usiku. Mwanzoni ilienda haraka, halafu ikafika mahali ikawa inasota. Asubuhi imebaki sehemu ndogo tu isiyosomeka. PhotoRec imetoa picha nyingi, lakini majina ni ya ajabu, `f0184320.jpg`, na nyingine zinaanza na t, ni ndogondogo kama stempu. Kuna ambazo juu ni picha na chini ni kijivu kitupu.

Nyumba yote imo, wakuu. Kuanzia kamba za msingi. Mawe, kisha mifuko ya saruji ya Tembo imepangwa chini ya turubai, kisha ukuta wa tofali za kuchoma unafika kiunoni, unafika kwenye lenta. Yule mwanaume wa kofia ya njano ndiye aliyekuwa anapiga nyingi, kwa sababu kivuli chake kinaonekana chini. Na kila baada ya picha kadhaa kuna karatasi imelazwa juu ya mfuko wa saruji. Ni risiti. Alikuwa anapiga picha kila risiti! Lakini hazisomeki hata moja, ni ukungu.

Fundi_Kabwe

Kamera ya E63 haiwezi kujirekebisha ione vizuri kitu cha karibu, imewekwa kwa umbali mmoja. Karatasi ukiisogeza inakuwa wingu. Hakuna programu itakayoyarudisha maandishi ambayo kioo hakikuyaona, mtu akikuahidi hivyo muage.

Hizo zinazoanza na t ni vijipicha vilivyokuwa ndani ya picha kubwa. Usizidharau, mahali ambapo kubwa imekatika kijivu, ndogo yake inaweza kuwa kamili.

Majina ya awali yamepotea kwa sababu PhotoRec inatafuta umbo la picha, haisomi orodha ya kadi. Sasa washa simu yenyewe. Njoo Kabwe uchukue BP-4L nzima na chaja ya pini nyembamba. Ikiomba namba ya siri jaribu 12345, ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Usibahatishe nyingine, ukikosea mara tano inakufungia kwa muda. Na asikudanganye mtu akufundishe namba za kuirudisha kama mpya, hizo ndizo zilizomliza MamaWawili.

Mchuuzi_Tunduma

Bado nasubiri bei ya shaba.

BintiMizani

Imewaka! Ule mlio wa Nokia na mikono miwili kioni, mama alitoka jikoni akidhani ni simu ya baba ya zamani. 12345 imekubali. Kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe kuna picha chache, na hizi zina majina ya kueleweka, mfano `17102010045.jpg`. Ni bati linapandishwa.

Laini niliiweka kwenye kitochi. Mtandao imekataliwa, nadhani haikusajiliwa kwa alama za vidole, lakini majina yaliyohifadhiwa kwenye laini yanasomeka: Fundi Bati, Saruji, Shemeji, Mwl. Nikampigia Shemeji. Akapokea kijana yuko Mwanza, kaninunia, anasema laini kainunua majuzi. Fundi Bati haipatikani.

Fundi_Kabwe

Namba zisipotumika kampuni inazigawa upya. Hapo usiendelee kuwasumbua watu.

Ila hilo jina la picha ni zuri: tarehe 17 mwezi wa 10 mwaka 2010, picha ya 45. E63 ndivyo zilivyokuwa zinaandika.

KichwaNgumu88

Basi kesi imekwisha, tarehe hiyo hapo. Hata mahakamani inatosha.

Fundi_Kabwe

Haitoshi ndugu yangu. Tarehe inatoka kwenye saa ya simu, na saa iliwekwa na mtu. Betri ikitoka muda mrefu simu inaomba saa upya, na mtu mwenye haraka anaandika chochote. Jina linatuambia simu iliamini ni siku gani. Tafuta ndani ya picha kitu ambacho mwenye simu hakukiweka yeye.

mzee_wa_loleza

Watoto wangu hamjambo. Nimesoma tangu juzi. Laini ya Zain yenyewe ni saa. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Novemba 2010 ikawa Airtel. Kwa hiyo laini ilinunuliwa humo katikati, ingawa mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi baadaye.

Binti, nyuma ya nyumba kunaonekana nini? Usiweke picha, nielezee tu.

BintiMizani

Shikamoo mzee. Picha moja ya wakati wa lenta inaonyesha mlima kwa mbali upande wa kulia, juu yake kuna minara. Chini kushoto kuna tuta refu lililonyooka, na kwenye picha nyingine juu ya tuta hilo kuna mabehewa. Kwenye ile ya bati, ng'ambo ya njia kuna kibanda cha duka kimebandikwa karatasi za kampeni za urais, mpya kabisa, hazijachanika.

mzee_wa_loleza

Marahaba. Mlima wenye minara ni Loleza, na tuta lenye mabehewa ni TAZARA. Ukiwa na reli karibu na Loleza kwa mbali vile, uko upande wa Iyunga. Karatasi za urais zisizochanika mwezi wa kumi zinakaa vizuri na 2010, uchaguzi ulikuwa tarehe 31 Oktoba mwaka ule. Mvua za hapa zikianza Novemba karatasi hazidumu ukutani. Ukinieleza na kona ya barabara nitakutajia na mtaa.

Dada_Wakili

Mzee wangu shikamoo, naomba tuishie hapo kuhusu mahali. Huu uzi unasomwa na kila mtu.

BintiMizani

Nimewaelewa. Nimepata njia nyingine.

Lile gunia kwenye daftari la baba lina jina la kijana mmoja wa mkokoteni, anayepita mitaani akibadilisha chakavu kwa mabeseni na vikombe vya plastiki. Nilimsubiri alipoleta mzigo. Kopo analikumbuka kwa sababu lilikuwa jepesi akataka kulikataa, akalipokea kwa vile lilikuja na jiko bovu la mafuta. Alipewa na watoto, mtu mzima hakuwepo. Akanipeleka.

Mama wa pale alipoliona kopo hakuuliza chochote, alilifungua akaikunja ile kanga kwanza ndipo akaishika simu. Mumewe alifariki miaka mingi sasa. Chaja iliharibika, akaambiwa simu hizo zimekwisha, akaifunga akaiweka darini. Wajukuu walisafisha dari.

Nilimwonyesha picha kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Alikuwa anataja watu: huyu alikuwa anachanganya zege, huyu alikuja kula tu. Alipofika kwenye picha ya mtoto kwenye tofali akampigia simu, yuko chuoni Iringa sasa. Kwa muda mrefu walikuwa wanacheka ule mkao wake.

Halafu akaniuliza kama tarehe zipo. Shemeji yake anadai nyumba aliijenga yeye baada ya kaka kufariki, na kwamba mama anakaa kwa hisani. Mirathi haijawahi kufunguliwa. Ameniruhusu kuandika haya bila jina. Dada Wakili, picha zina maana?

Dada_Wakili

Zina maana, na zina mipaka. Mpe pole mama.

Picha za kielektroniki zinapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu. Lakini mahakama itauliza zilitoka wapi, nani alizitunza na kama zingeweza kuguswa. Kwa hiyo simu, kadi na laini vikae pamoja kwa mama, visitumike tena. Ile `kadi.img` iwekwe sehemu mbili. Wewe andika kwenye karatasi ulivyoikuta, daftari la baba linasema nini, nani alinakili na kwa njia gani, kisha uweke sahihi. Unaweza kuitwa ueleze.

Sasa mpaka wake. Picha inaonyesha nyumba ilikuwa inapauliwa wakati marehemu yuko hai na yuko pale. Hiyo inampinga shemeji kwenye muda. Haisemi kiwanja kilikuwa cha nani wala fedha zilitoka mfuko gani. Risiti zingesema, na ndizo hazisomeki. Kwa hiyo atafute watu: yule fundi wa bati, majirani wa wakati ule, mwenyekiti wa mtaa, aliyeuza kiwanja na mashahidi wa mauziano. Picha zitasaidia kuwakumbusha, nyuso zimo. Na aanze kwa kufungua mirathi. Bila msimamizi wa mirathi atakuwa anabishana sebuleni tu.

KichwaNgumu88

Na kama shemeji atasema alituma hela akiwa mbali, kaka alikuwa anasimamia tu ujenzi? Ndiyo maana akapiga picha kila risiti, anamtumia bosi wake.

Dada_Wakili

Hilo ni swali zuri, na ndilo ambalo wakili wa upande wa pili atauliza. Mtu hupiga picha risiti kwa kujitunzia, na hupiga pia kumtumia mwenye fedha. Picha peke yake haiamui.

Fundi_Kabwe

KichwaNgumu leo umenishinda. BintiMizani, simu za aina hiyo zilikuwa zinatuma picha kwa ujumbe au barua pepe. Ujumbe uliotumwa kama haukufutwa utakuwa umo. Usiufungue wewe. Mama akitaka, akae na wakili wake waufungue pamoja. Unaweza kumsaidia, unaweza kumwumiza.

BintiMizani

Nimemwambia hivyohivyo. Alifikiri kidogo akasema mume wake hakuwa na kaka wa kumtumia hela, alikuwa na kaka wa kumwomba. Lakini simu hajaiwasha. Mwanae anakuja likizo, wataenda kwa msaada wa kisheria wakiwa wawili.

Baba naye alinishangaza. Aliandika mwenyewe ule ukurasa wa maelezo, akapiga na muhuri wake wa duka. Kisha akamwambia mama amrudishie fedha ya kopo, kwa uzito, kwa sababu daftari lazima lifunge. Mama akamlipa shilingi mia mbili, wakapeana mikono.

MamaWawili

Mia mbili! Mzee huyo nampenda bure.

Mchuuzi_Tunduma

Kwa hiyo hiyo E63 mnauza? Nina yangu, nahitaji mfuniko wa nyuma.

BintiMizani

Haiuzwi kaka. Mfuniko njoo uangalie kwenye gunia, na bei ya shaba muulize baba ukifika, inabadilika kila gari linapotoka Dar.